Herufi Zahama, Nukta Yabaki

Ujumbe mmoja umeandikwa hivi: "Qj'rpeh 12 zdwdilnd Lmxpdd, vdd 4:30 xvlnx." Herufi zake hazina maana kwa msomaji wa Kiswahili, ila si kila kitu humo kimefichwa. Namba 12 inasomeka. Saa inasomeka. Koma iko mahali pake, nukta imefunga sentensi, na nafasi kati ya neno na neno ni zilezile alizoacha mwandishi. Kwa sababu ya mabaki hayo, mtu anayejua Kiswahili vizuri anaweza kuufumbua ujumbe huu kwa penseli, bila kupewa ufunguo, kabla chai haijapoa.

Njia iliyotumika ni ya zamani mno. Mwandishi wa Kirumi Suetonius, katika karne ya 2, alieleza kwamba Julius Kaisari alipokuwa na jambo la siri aliandika kila herufi kwa kuiruka mbele mara tatu: mahali pa A akaweka D, mahali pa B akaweka E, akaendelea hivyo. Aliyepokea barua alirudi nyuma hatua tatu na kusoma. Suetonius anasema pia kwamba Augusto, aliyetawala baada ya Kaisari, aliruka hatua moja tu, na alipofika X, herufi ya mwisho kwake, hakurudi mwanzo bali aliandika AA. Siku hizi mtindo huo wa AA umeachwa. Alfabeti inachukuliwa kuwa duara: baada ya Z inakuja A tena, kwa hiyo z ikirushwa hatua tatu inakuwa c.

Kwa alfabeti ya herufi 26 kuna hatua 25 tu zinazobadilisha kitu, maana hatua ya 26 humrudisha mtu alikoanzia. Kati ya hizo 25, moja ina tabia ya pekee. Hatua ya 13 ni nusu ya duara, hivyo a inakuwa n, na n inakuwa a. Kufumba na kufumbua ni kitendo kilekile. Kompyuta haihitaji kuambiwa ielekee mbele au nyuma. Ukiurudia mchezo mara ya pili, maneno yanarudi kama yalivyokuwa. Hii ndiyo inayoitwa ROT13, na kwenye mashine za Linuksi inafanyika kwa amri moja fupi:

```
echo "Ng'ombe 12 watafika Ijumaa, saa 4:30 usiku." | tr 'A-Za-z' 'N-ZA-Mn-za-m'
```

Jibu linalotoka ni "At'bzor 12 jngnsvxn Vwhznn, fnn 4:30 hfvxh." Amri ya `tr` inapokea orodha mbili, ya kwanza ikiwa ya herufi zinazotafutwa, ya pili ikiwa ya zile za kuziba nafasi zao. Alama yoyote isiyokuwamo kwenye orodha ya kwanza inapita bila kuguswa. Hakuna mahali ambapo amri imeelezwa kuhusu koma, ritifaa wala tarakimu. Zimepona kwa sababu hazikutajwa.

Kwa nini zisitajwe? Sababu ya kwanza ni ya hesabu, na ni nzuri. Tarakimu ni kumi, kuanzia 0 hadi 9, kwa hiyo duara lake ni la hatua kumi. Ukiisukuma tarakimu hatua 13 kwenye duara la kumi, umeisukuma hatua 3 tu: 4 inakuwa 7. Ukirudia mara ya pili, ile 7 inakuwa 0, wala hairudi kuwa 4. Uzuri wote wa ROT13, kwamba mara mbili ni kurudi nyumbani, unaharibika pale pale. Wanaotaka kuficha tarakimu kwa namna hiyo hulazimika kuzipa hatua yake, yaani 5, nusu ya kumi. Nafasi na alama za uandishi zina tatizo kubwa zaidi: hazina mfuatano unaojulikana na watu. Kila mtoto wa shule anajua baada ya k inakuja l, lakini baada ya koma kinakuja nini?

Kompyuta, kwa bahati mbaya, ina jibu la swali hilo. Ndani yake kila alama ni namba. Kwenye orodha ya zamani ya ASCII, A kubwa ni 65 na Z ni 90, a ndogo ni 97 na z ni 122. Nafasi ni 32, ritifaa ni 39, koma ni 44, na tarakimu zinaanza 48. Anayeanza kujifunza kuandika programu huona njia ya mkato: chukua namba ya kila alama, ongeza 3, basi. Matokeo yake "saa 4:30" inatoka "vdd#7=63". Nafasi imekuwa alama ya reli, nukta pacha imekuwa alama ya usawa, na saa nne u nusu imegeuka namba isiyokuwapo kwenye saa yoyote. Neno "zawadi" nalo linaanza na mabano yaliyopinda, "}", kwa sababu 122 na 3 ni 125, na programu haikuambiwa kwamba baada ya z inarudi a. Ukiona mabano au alama za hesabu zimezagaa kwenye maandishi yaliyotakiwa kuwa ya Kaisari, ujue kosa ni hilo.

Programu iliyo sawa huuliza kwanza kila alama ni ya kundi gani, ndipo iamue. Kwa lugha ya Paithoni inatosha hivi:

```python
def sogeza(matini, hatua):
    tokeo = ""
    for h in matini:
        if "a" <= h <= "z":
            h = chr((ord(h) - 97 + hatua) % 26 + 97)
        elif "A" <= h <= "Z":
            h = chr((ord(h) - 65 + hatua) % 26 + 65)
        tokeo += h
    return tokeo
```

Herufi ndogo inapunguzwa 97 ili a iwe 0 na z iwe 25, inasogezwa, inagawanywa kwa 26 na kubakiwa na salio, kisha inarudishiwa 97 yake. Herufi kubwa inafanyiwa vivyo hivyo kwa 65, na hivyo inabaki kubwa. Kisichokuwa katika makundi hayo mawili kinaingia kwenye tokeo kama kilivyo.

Sababu ya pili ya kuziacha alama ni matumizi yenyewe. ROT13 ilipata umaarufu mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwenye Usenet, mtandao wa majadiliano uliotangulia tovuti, ambako watu waliitumia kufunika vichekesho ambavyo vingewaudhi wengine. Hakuna aliyetaka kumzuia mtu kusoma. Walichotaka ni kwamba jicho lisiangukie maneno hayo bila hiari, na anayetaka ayafungue kwa kubonyeza mara moja. Ni kama magazeti yanavyochapa majibu ya chemshabongo kichwa chini miguu juu. Kwa kazi hiyo, umbo la maandishi likibaki ni faida: msomaji anaona hii ni sentensi mbili, hii ina alama ya kuuliza, hapa pana mwaka. Kitendawili cha nyumba isiyo na mlango kinaweza kuchapwa pamoja na jibu lake, "lnv", na mtoto asiyetaka kuharibiwa utamu akaendelea kufikiri.

Mahali pengine inapokutwa ni ndani ya Windozi, na wengi wanaoitumia kila siku hawajui. Mfumo huo huweka kumbukumbu ya programu ambazo mtumiaji amezifungua, chini ya jina `UserAssist`, na majina ya programu hizo yameandikwa kwa ROT13. Wachunguzi wa kompyuta wanaotafuta ushahidi wameizoea sana. Kikokotoo cha mfumo huo, kikiandikwa pamoja na njia yake, huonekana hivi:

```
P:\Jvaqbjf\Flfgrz32\pnyp.rkr
```

Mtu aliyewahi kuona anwani ya faili hahitaji kufumbua chochote ili atambue anatazama nini. Herufi moja, nukta pacha, mikwaju ya nyuma, kisha nukta na herufi tatu mwishoni: hiyo ni anwani ya faili, na lile neno linaloishia na 32 anaweza kulibuni. Akili ikishaona `System32` mahali pa `Flfgrz32`, ufunguo umepatikana, maana kutoka S hadi F ni hatua 13.

Hapo ndipo panapofaa kurudi kwenye ng'ombe 12, kwa sababu Kiswahili kinavuja kupitia mabaki haya kuliko lugha nyingi.

Mfumbuaji ana "Qj'rpeh 12 zdwdilnd Lmxpdd, vdd 4:30 xvlnx." Hajui hatua iliyotumika. Anaanza na ritifaa. Katika maandishi ya kawaida ya Kiswahili, alama hiyo karibu kazi yake ni moja tu: inakaa baada ya n na g, kama katika ng'ombe, ng'ambo na kung'aa. Kwa hiyo Q lazima iwe N, na j lazima iwe g. Kutoka N hadi Q ni hatua tatu. Kutoka g hadi j ni hatua tatu. Herufi mbili zimetoa ushahidi mmoja, na kazi imekwisha kabla hajafika neno la pili.

Tuseme mwandishi alikuwa mjanja, akaifuta ritifaa. Mfumbuaji anatazama mbele ya 4:30. Neno la herufi tatu, mbili za mwisho zikifanana, likifuatwa na wakati: hilo ni "saa", na likiwa "saa" basi v ni s. Hatua tatu tena.

Tuseme hata namba zimefutwa. Bado kuna nafasi, na nafasi zinaonyesha kila neno linaishia wapi. Maneno ya Kiswahili huishia kwa irabu, hata yale ya kukopa yamepewa irabu mwishoni, benki, redio, kompyuta. Zipo chache zinazokaidi, kama "maalum" kwa wanaoliandika bila u, na majina ya watu kama Salim au Daniel, lakini ni chache. Katika ujumbe huu maneno matano yanaishia h, d, d, d na x. Herufi d basi ni moja kati ya a, e, i, o na u, na funguo 25 zimepungua kuwa tano. Sasa h iko hatua nne mbele ya d. Kama d ni i, h ni m. Kama d ni o, h ni s. Kama d ni u, h ni y. Hizo tatu si irabu, zinaondoka. Zinabaki mbili: d ni a na h ni e, au d ni e na h ni i. Inaitwa x kuamua. Katika dhana ya kwanza x inakuwa u, katika ya pili inakuwa y. Jibu ni moja, hatua tatu, na mfumbuaji amelipata kwa kutazama miisho ya maneno tu, bila kusoma neno hata moja.

Kwa ROT13 mambo ni mepesi zaidi, kwa kuwa hatua inajulikana. Irabu a, e, i, o, u zinakuwa n, r, v, b, h, na sentensi yoyote ya Kiswahili iliyofumbwa hivyo itakuwa na maneno yanayoishia kwa hizo tano. Dalili nyingine ni x na q. Kiswahili sanifu hakizitumii kabisa, ila ROT13 inageuza k kuwa x na d kuwa q, na kwa kuwa k imejaa katika lugha, x zinachipuka kila mahali: "jngnsvxn", "hfvxh". Mtu aliyezoea huitambua ROT13 ya Kiswahili kwa kutupa jicho, kama anavyotambua lafudhi.

Makosa ya programu hujitokeza zaidi pale ambapo neno "herufi" halina mipaka iliyo wazi. Paithoni ina kipimo kiitwacho `isalpha` kinachouliza kama alama ni herufi, na wengi hukitumia badala ya kulinganisha na a hadi z. Kwa maandishi ya Dar es Salaam hakitaleta shida siku ya kwanza. Kikipelekwa Bukavu au Bujumbura, ambako majina ya Kifaransa ni ya kawaida, kitakutana na jina André. Kipimo hicho kinasema é ni herufi, ambayo ni kweli, lakini namba yake ni 233, mbali na 97 hadi 122. Hesabu ikiendelea bila kujali, 233 ikapunguzwa 97 na kusogezwa 13, salio linaangukia t. Jina linatoka "Naqet". Likirudishwa linakuwa "Andrg". Lafudhi imepotea na haipatikani tena, maana t iliyotokana na é haitofautiki na t iliyotokana na g. Maandishi ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu yataharibika namna hiyohiyo, kila herufi ikisagwa kuwa ya Kilatini. Kulinganisha na a hadi z pekee kunaziacha zote zipite salama, na hilo ndilo lililotakiwa tangu mwanzo.

Kosa jingine huwapata wanaotumia lugha ya C na wanaotaka kurudi nyuma hatua tatu. Herufi a ni 0. Ukitoa 3 unapata hasi 3. Paithoni husema salio la hasi 3 kwa 26 ni 23, yaani x, sawasawa. C husema ni hasi 3, na 97 ukitoa 3 ni 94, ambayo ni alama ya "^". Dalili yake ni kwamba kufumba kunakwenda vizuri, ila wakati wa kufumbua herufi a, b na c zilizomo kwenye fumbo zinageuka alama za ajabu. Dawa ni kwenda mbele hatua 23 badala ya kurudi nyuma tatu.

Kuna pia wale wanaoichukulia njia hii kuwa ulinzi. Mtu ana nywila "Kisima2024!" na anaihifadhi kwa ROT13 kwenye faili lake: "Xvfvzn2024!". Sehemu nzima ya mwisho, mwaka na alama ya mshangao, iko wazi, urefu unajulikana, hata herufi kubwa ya mwanzo bado ni kubwa. Namba ya simu ikipitishwa humo inatoka ileile. Namba ya siri ya tarakimu nne ya huduma ya pesa kwa simu inatoka ileile pia, na programu haitatoa onyo lolote, kwa kuwa kwa upande wake imefanya kazi sawasawa: haikukuta herufi.

Waliotaka siri zaidi katika enzi za simu za maandishi walijifunza kuondoa mabaki kabla ya kufumba. Namba ziliandikwa kwa maneno, alama zikafutwa, nafasi zikaondolewa, na herufi zote kubwa zikapangwa katika mafungu ya tano tano. Ng'ombe wetu wakifanyiwa hivyo kwa hatua tatu wanakuwa "QJRPE HNXPL QDPEL OLZDW DILND LMXPD DVDDQ QHQDQ XVXXV LNX". Hapa hakuna ritifaa, hakuna saa, na mwisho wa fungu hauna uhusiano na mwisho wa neno. Mfumbuaji analazimika kuhesabu herufi, kazi ambayo al-Kindi aliieleza Baghdad katika karne ya 9: tafuta herufi inayojirudia zaidi, uilinganishe na inayojirudia zaidi katika lugha husika. Kati ya herufi hizo 48, D imetokea mara 9, na hakuna nyingine iliyozidi 6. Katika Kiswahili bingwa wa kujirudia ni a. D ni a, hatua tatu.

Naye mpokeaji halali ana kazi yake. Akishafumbua anapata mstari mmoja mrefu unaoishia "NNENANUSUUSIKU", na ni juu yake kuukata nne, na, nusu, usiku, kisha kukumbuka kwamba "NGOMBE" iliyoko mwanzoni ilikuwa na ritifaa.